Anayewahi Gatini Hulipia Upepo

Shangazi yangu anaishi kijijini, mkoani Singida, na ndoo yake ya kwanza huijaza kabla jua halijachomoza. Nilipomtembelea mwaka jana alinipokea na lalamiko hata sijaketi. "Mwanangu, lile bomba jipya linakula hela." Akafungua fundo la kanga, akatoa tagi ya plastiki ya bluu, ndogo kama kifungo cha koti, akaniwekea kiganjani. Jumatatu alikuwa ametia shilingi 1,000. Bei ya gati lao ni shilingi 25 kwa ndoo ya lita 20, kwa hiyo elfu moja ni ndoo 40. Kufikia Ijumaa salio lilikuwa limekwisha, naye alikuwa amechota ndoo 26. Alikuwa na hakika na hesabu yake, maana kila ndoo aliichorea mstari wa mkaa ukutani mwa jiko. Nikaihesabu mistari ile. Ilikuwa 26.

Mtu anapodai kwamba bomba linakula hela, wepesi wa wengi ni kumwambia hajui kutumia mtambo. Mistari ya mkaa ilinizuia nisiseme hivyo. Nikamwomba anipe siku mbili, nikaenda kumtafuta fundi wa jumuiya ya watumia maji.

Gati, kwa asiyelijua jina hilo, ni kituo cha kuchotea maji cha jamii: kibaraza cha saruji, koki moja au mbili, na bomba linalotoka kwenye tangi. Zamani palikuwa na mtu wa kufungua koki na kupokea sarafu. Sasa katika vijiji vingi pamefungwa kiboksi chenye kioo kidogo na alama ya mahali pa kubandika tagi, nacho watu wamekibatiza luku ya maji, kwa kufananisha na ile ya umeme. Wasomaji wa Nairobi watakumbuka mashine zilizofungwa Mathare mwaka 2015, zilizouza lita 20 kwa nusu shilingi ya Kenya kwa kadi. Kazi ni ileile, ingawa maboksi yanatofautiana.

Tuanze na pesa, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokosea. Shangazi anapotuma shilingi 1,000 kwa simu, hela haiendi kwenye bomba. Inakwenda kwenye akaunti ya jumuiya, na kompyuta ya mfumo huo inaandika kwamba tagi yenye namba fulani inadai maji ya shilingi elfu moja. Deni hilo lazima limfikie mwenye tagi, na njia ziko mbili. Anaweza kwenda kwa wakala, ambaye hugusisha tagi kwenye simu yake na salio likaandikwa humohumo ndani ya tagi. Au anaweza kwenda moja kwa moja gatini. Kiboksi kina laini ya simu kama simu yako, nacho kikishapokea taarifa kutoka kwenye kompyuta ile, huandika salio jipya tagi inapobandikwa.

Ndiyo maana mtu analipa saa mbili usiku, anafika bombani saa mbili na dakika tano, na bomba linamwambia hana kitu. Hajaibiwa. Taarifa haijafika, kwa sababu mtandao ni hafifu, au kwa sababu kiboksi hicho huamka kuuliza habari mara chache kwa siku ili kisimalize betri. Dawa ni kusubiri, au kwenda kwa wakala, na kuutunza ujumbe wa malipo mpaka salio lisome.

Ipo mifumo mingine isiyoweka hela ndani ya tagi kabisa. Humo tagi ni kitambulisho tu, na salio linakaa kwenye kompyuta ya mbali. Inafaa mjini, kwenye mtandao wa uhakika, na tagi ikipotea hupotezi chochote. Kijijini ina shida moja kubwa: mtandao ukikatika, maji yanakatika. Kwa hiyo waliobuni magati ya vijijini wengi waliamua salio likae mfukoni mwa mchotaji, ili bomba liweze kumhudumia hata mnara wa simu ukiwa umezimika siku nzima. Mimi naona waliamua vizuri. Gharama ya uamuzi huo inaonekana tagi inapopotea. Jumuiya inaweza kuifunga na kumhamishia mwenyewe salio kwenye tagi mpya, lakini lazima kwanza magati yote yapate habari kwamba ile ya zamani imefungwa. Gati ambalo halijapata mtandao tangu juzi litaendelea kumchotea aliyeiokota.

Sasa tagi yenyewe. Ukiipasua utakuta waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi na chipu ndogo kuliko punje ya mchele. Betri hakuna. Nyuma ya alama kwenye kiboksi kuna waya mwingine unaotoa mawimbi ya sumaku, na ule wa kwenye tagi unapoyakaribia hupata umeme kidogo, wa kutosha kuiamsha chipu kwa muda. Ni jamaa wa kadi ya N-Card inayogusishwa kwenye kivuko cha Kigamboni. Nguvu hiyo inafika sentimita chache tu, kwa hiyo tagi iliyofungwa ndani ya kanga iliyokunjwa mara sita haisomeki, na tagi iliyowekwa juu ya bati au sarafu husumbua.

Chipu ikiamka, kiboksi huitaka ithibitishe kwa siri ya tarakimu kwamba ni ya jumuiya hiyo, huangalia kama haimo kwenye orodha ya zilizofungwa, kisha husoma salio. Yote hayo huchukua muda mfupi kuliko kusema "bismillahi". Halafu maji hufunguka, na salio huanza kupungua kidogo kidogo, lita kwa lita. Kwa bei ya gati la shangazi, kila lita ni shilingi 1.25. Bomba halikati hela ya ndoo nzima kwa mkupuo, na sababu ni ya kibinadamu: mtoto hubandua tagi katikati, ndoo hupinduka, mvua hunyesha mtu akakimbia. Tagi ikibanduliwa maji hufunga, na kisichochotwa hakijalipiwa.

Hapa fundi alinieleza jambo ambalo sikulijua. Tagi ikibanduliwa wakati uleule salio jipya linaandikwa, maandishi yanaweza kubaki nusu. Kwa hiyo mifumo iliyotengenezwa kwa uangalifu huweka salio mahali pawili ndani ya chipu na kuandika kwa zamu. Maandishi mapya yakiharibika, yale ya nyuma yapo, na mchotaji hapotezi zaidi ya lita moja au mbili. "Ukiona tagi imekufa kabisa baada ya kubanduliwa haraka," aliniambia, "huo mfumo umejengwa vibaya, usimlaumu mtoto."

Nikamuuliza, basi hela ya shangazi imekwenda wapi? Hakujibu. Alifungua mlango wa kiboksi kwa ufunguo, akanionyesha vitu viwili vilivyofungwa kwenye bomba, kimoja nyuma ya kingine.

Cha kwanza ni valvu, ndiyo inayofungua na kufunga. Nilidhani ni mota yenye nguvu, kumbe umeme wake ni mdogo mno. Ndani kuna kiwambo cha mpira chenye tundu dogo kama la sindano. Maji hupenya tunduni, yakajaa juu ya kiwambo na kukikandamiza, bomba likafunga. Sumaku ya umeme kazi yake ni kunyanyua kipini kidogo ili maji yale ya juu yatoroke. Yakishatoroka, msukumo wa maji ya chini hukiinua kiwambo chenyewe. Yaani maji ndiyo yanayojifungulia mlango, umeme unatoa ruhusa tu. Kwenye valvu nyingi za magati sumaku hupigwa umeme kwa kitambo kidogo kufungua, na kitambo kingine kufunga. Katikati hapo haili chochote, na ndiyo maana betri ndogo na kipande cha sola vinatosha.

Lakini kwa kuwa maji ndiyo yanayojifungulia, lazima yawe na msukumo. Valvu za aina hii kwa kawaida hutaka tangi liwe juu ya koki kwa mita mbili na zaidi, nyingine mpaka mita tano. Tangi likikaribia kukauka, au watu wakifungua magati yote kwa pamoja, kiwambo kinashindwa kuinuka vizuri na maji yanatoka kama mate. Mchotaji anadhani tagi ina kasoro, anaibandua na kuibandika mara kumi. Mchanga nao ni adui. Punje ikikaa chini ya kiwambo, au likiziba lile tundu la sindano, bomba halifungi sawasawa na linadondosha hata tagi ikiwa imeondolewa. Ukiona hivyo usifurahie maji ya bure. Tone linalojaza lita moja kwa dakika tano ni lita 288 kwa siku, ndoo 14, na zinalipiwa na wote kupitia dizeli au umeme wa pampu.

Kitu cha pili ni dira. Fundi aliifungua ya akiba aliyokuwa nayo begini, akanipa niishike. Ndani kuna gurudumu dogo lenye mapanga kama ya pangaboi, na kwenye panga kuna kisumaku. Maji yakipita gurudumu huzunguka, na kila kisumaku kinapopita mbele ya kihisio hutokea mpigo mmoja wa umeme. Dira ile ilipimwa kutoa mipigo 450 kwa lita moja. Ikihesabu mipigo 9,000, kiboksi kinasema ndoo imejaa na kinakata shilingi 25. Nikapuliza kwa mdomo. Gurudumu likazunguka kwa kasi, likavuma kama nyuki.

Tukatazamana.

Dira haijui maji. Inajua kuzunguka. Na upepo unalizungusha gurudumu lile kwa urahisi kuliko maji, kwa sababu ni mwepesi na hupita mbio.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri tulikuwa gatini watatu: shangazi, fundi na mimi. "Shikamoo mama," fundi alimsalimu, "leo ndoo yako tutaijaza kwa vipimo." Alikuja na ndoo aliyoipima nyumbani na kuichora alama ya lita 20 kwa rangi nyekundu, kwa sababu ndoo nyingi za dukani zikijazwa mpaka ukingoni hupita lita 20, na huwezi kuishtaki dira kwa ndoo usiyoijua. Nilikuwa nimemtilia shangazi shilingi 1,000 nyingine. Kioo kilisoma 1,000. Akabandika tagi.

Kwanza ulitoka mlio, kama paka aliyekanyagwa. Kisha bomba likakohoa, likatema maji, likakohoa tena. Nilikitazama kioo badala ya ndoo: 998, 994, 989, na ndoo chini ilikuwa na maji ya kufunika kitako tu. Ilipofika kwenye alama nyekundu kioo kilisoma 935. Shilingi 65 kwa ndoo moja. Kwa hesabu ya dira, lita 52 zilipita. Ndoo ya pili ilikata shilingi 55, sawa na lita 44. Ndoo mbili zilikuwa zimekula shilingi 120 badala ya 50.

Tulirudi saa nne asubuhi, bomba likiwa limejaa na kutulia. Ndoo ileile, alama ileile: shilingi 25 kamili.

Turudi ukutani mwa jiko. Shangazi huchota ndoo mbili kila alfajiri. Kwa siku tano ni ndoo 10, na kila moja kwa wastani wa shilingi 60 ni 600. Ndoo 16 za mchana na jioni kwa 25 ni 400. Jumla elfu moja, kwa ndoo 26. Mkaa haukukosea hata kwa mstari mmoja.

Upepo ulitoka wapi? Msimamizi wa pampu hufunga koki ya tangi saa mbili usiku ili tangi lijae kwa ajili ya asubuhi. Kutoka kwenye tangi hadi gati hilo ni mita 400 za bomba lenye tundu la milimita 50. Kwenye bonde dogo njiani kuna kiungo kinachovuja. Si uvujaji wa kutisha, ardhi inalowa tu na majani yanakuwa ya kijani kiangazi, lakini usiku kucha unatosha kulimwaga bomba lote. Bomba la ukubwa huo linabeba lita 785 hivi. Msimamizi anapofungua koki alfajiri, maji yanaingia na kuusukuma mbele upepo wa lita 785, nao hauna mlango mwingine wa kutokea isipokuwa koki ya wa kwanza kufika. Ukipita wote katika dira moja ni karibu ndoo 39, shilingi 980, zinazogawanywa kwa wanawake na watoto wanaowahi foleni.

Nimeandika hesabu hii kwa kirefu kwa sababu inaniuma. Anayewahi gatini si mvivu wala tajiri. Ni yule mwenye safari ndefu, mwenye mgonjwa nyumbani, mwenye biashara ya chapati inayotaka maji kabla ya wateja. Huyo ndiye aliyekuwa analipia upepo wa kijiji kizima, na hakuna aliyemwibia kwa makusudi.

Msomaji mwenye gati la aina hii anaweza kufanya jaribio letu bila fundi. Pima ndoo kwa chupa ya lita moja au moja na nusu, chora alama, andika salio kabla na baada, mara moja alfajiri na mara moja mchana. Namba zikilingana mara zote mbili na ni kubwa kuliko bei, dira haikupimwa sawasawa au bei iliyoingizwa kwenye kiboksi ni tofauti na iliyobandikwa ukutani. Zikitofautiana na ya alfajiri ikawa kubwa, sikiliza mlio. Ule mluzi na kikohozi ni upepo.

Dawa yake haihitaji kompyuta. Fundi alitaka vitu vitatu: kiungo cha bondeni kizibwe, msimamizi afungue koki ya tangi mapema na polepole, nusu saa kabla ya mchotaji wa kwanza, na pale bomba linapopanda kabla ya gati ifungwe valvu ya hewa. Hicho ni kikombe kidogo chenye boya ndani. Upepo ukifika boya huanguka na upepo hutoka, maji yakifika boya huelea na kuziba.

Kuipata hela ya kazi hiyo kulihitaji mkutano, na hapo nilishuhudia faida ya mtambo huu ambayo daftari la sarafu lisingeweza kuitoa. Kila gati hutuma kumbukumbu zake: tagi gani, saa ngapi, lita ngapi. Tanginini kuna dira kubwa ya kimakanika. Katibu wa jumuiya alisoma ya siku moja: tangini zilitoka lita 30,000, magati yote kwa pamoja yaliuza lita 26,400. Pengo ni lita 3,600, ndoo 180, shilingi 4,500 kwa siku kwa bei ileile. Fundi akasimama akaongeza kwamba pengo la kweli ni kubwa zaidi, kwa sababu ndani ya lita zilizouzwa mna upepo. Mzee mmoja aliuliza, "Kwa hiyo tunapoteza maji tukauza hewa?" Kimya kikapita. Wakapitisha matengenezo siku hiyohiyo.

Tangu RUWASA ianze kazi Julai 2019, jumuiya kama hizi ndizo zinazoendesha skimu za maji vijijini, na bei wanayotoza lazima itosheleze pampu na matengenezo. Naelewa kwa nini wanataka luku za maji. Sarafu zilipotea njiani, na aliyekuwa analaumiwa ni yule mama wa koki, mara nyingi bila ushahidi. Hata hivyo mama wa koki alikuwa anaweza kitu ambacho kiboksi hakiwezi. Bibi asiye na hela alichotewa, akalipa Ijumaa. Kiboksi kikisoma sifuri hufunga. Katika mkutano ule walikubaliana tagi sita za jumuiya zikae kwa mwenyekiti wa kitongoji kwa ajili ya kaya zisizojiweza, kila moja ikiwa na kiasi chake kwa wiki. Si suluhisho kamili, kwa sababu anayezihitaji lazima aende kuomba, na kuomba maji kwa jirani kuna uzito wake. Mimi ningependa salio hilo liingizwe moja kwa moja kwenye tagi zao wenyewe, ambazo hakuna awezaye kuzitofautisha na za wengine foleni ikiwa ndefu.

Valvu ya hewa ilifungwa wiki tatu baadaye. Sikuwepo. Shangazi alinipigia simu asubuhi, akitweta kwa mwendo, ndoo ikiwa bado kichwani. Alisema amesikia fyuuu ndefu kule juu ya njia kabla hajafika, na alipobandika tagi bomba halikukohoa. Salio lilikuwa 640. Nikamuuliza limebaki ngapi.

"Mia sita na kumi na tano," akasema. "Ngoja nikachore mstari."